Oda za nani bado ziko wazi? UNIQUE na FILTER kwa mfano wa dagaa wa Mwaloni

Wanaotunza oda za wateja kwenye Excel wanauliza swali lile lile kila mara: mbona nimeandika fomula kwenye seli moja, na majibu yamejaa seli kumi? Wapo wanaozifuta hizo seli tisa za ziada wakidhani faili limeharibika, halafu wanashangaa kwamba hazifutiki. Wengine wakisikia kuna fomula inaitwa FILTER wanakwenda kubonyeza kitufe cha Filter kwenye menyu ya Data, wanakuta ni kile cha siku zote, na wanarudi wakisema hakuna jipya. Na wapo walioambiwa kwamba orodha ya aina hii "inajisasisha yenyewe", wakaelewa kwamba kompyuta itajua gari limepakia mzigo hata kama hakuna aliyeandika.

Mkanganyiko huu unaondoka mtu akifuata kazi moja mwanzo hadi mwisho. Nitatumia kazi ya muuza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, anayepokea oda kutoka Kahama, Tabora, Geita na Dodoma, na anayetaka kujua saa yoyote: nani ananidai mzigo, na magunia mangapi?

Oda iliyo wazi ni oda ambayo mteja ameagiza na bado hajapewa yote. Aliyeagiza magunia 40 na kupelekewa 25, oda yake iko wazi kwa magunia 15. Kwa dagaa jambo hili halikwepeki, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti samaki. Mzigo unapungua, oda zinazidi kuingia, na muuzaji anagawa kidogo kidogo hadi giza lirudi. Kwa hiyo oda nyingi hazina jibu la "imetoka" au "haijatoka". Zimetoka nusu.

Seli ni kile kisanduku kimoja. Safu ni seli zilizosimama, mstari ni seli zilizolala. Kumwagika ni pale fomula iliyoandikwa kwenye seli moja inapotoa majibu mengi na kuyaweka yenyewe kwenye seli za chini au za pembeni. Hizo seli nyingine hazina kitu ndani yake. Ni kivuli cha seli ya kwanza. Kivuli hakifutiki kwa kukifuta, na ukitaka kisogee unasogeza kile kinachokitupa. Ukilishika hilo, karibu kila tatizo nitakalolitaja huko mbele litakuwa limeshajieleza.

Daftari kwanza

Kosa kubwa hufanyika kabla hata ya kuandika FILTER. Watu wengi wana safu inayoitwa Hali, ambamo wanaandika kwa mkono "Wazi" au "Imefungwa". Kwa wiki ya kwanza inafanya kazi. Baadaye anakuja kijana wa zamu anaandika "bado", mwingine "wazi bado", na mwingine anapeleka mzigo wote lakini anasahau kubadili neno. Hapo fomula inakuwa sahihi na orodha inakuwa ya uongo. Mimi siitumii kabisa safu hiyo. Uwazi wa oda unapatikana kwa hesabu: kilichoagizwa kutoa kilichotoka. Kikibaki chochote juu ya sifuri, oda iko wazi, na hakuna neno la kusahau kubadilisha.

Daftari letu la Juni 2025 liko hivi:

```
Tarehe  Mteja         Bidhaa  Magunia  Yametoka  Baki
02/06   Mama Kahama   Mboga   40       25        15
02/06   Geita Stendi  Kuku    10       10         0
03/06   Mzee Tabora   Mboga   30        0        30
05/06   Mama Kahama   Kuku    20       20         0
06/06   Dada Dodoma   Mboga   15        5        10
09/06   Mama Kahama   Mboga   12        0        12
09/06   Geita Stendi  Kuku     8        8         0
```

Mboga ni dagaa wa kuliwa, Kuku ni wale wa chakula cha mifugo. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 11, ndiyo maana mzigo wa mboga unaonekana kukwama huku ule wa kuku, uliokuwa umeshawekwa stoo, ukitoka wote.

Bonyeza popote ndani ya data hiyo, kisha Ctrl+T, na uweke tiki kwenye "My table has headers". Sasa ni jedwali rasmi. Kwenye menyu ya Table Design, upande wa kushoto, badili jina lake liwe Oda. Safu ya Baki iache tupu kwanza, kisha andika humo mara moja tu:

```
=[@Magunia]-[@Yametoka]
```

Itajaa yenyewe kwenye mistari yote. Faida ya jedwali inaonekana baadaye: ukiongeza oda ya nane chini yake, jedwali linarefuka, na kila fomula iliyotaja Oda inaiona oda hiyo bila kuguswa. Anayetumia masafa ya kawaida kama B2:B8 atalazimika kuyarekebisha kila oda mpya inapoingia, na siku akiyasahau hakuna onyo litakalotokea. Oda mpya haitaonekana tu.

Orodha ya wanaodai mzigo

Fungua shiti mpya, uiite Wazi. Kwenye seli A3 andika:

```
=SORT(UNIQUE(FILTER(Oda[Mteja],Oda[Baki]>0,"Hakuna")))
```

Fomula hii husomwa kuanzia ndani. FILTER inapitia majina ya wateja na kuchukua yale tu ambayo mstari wake una Baki zaidi ya sifuri: Mama Kahama, Mzee Tabora, Dada Dodoma, halafu Mama Kahama tena, kwa sababu ana oda mbili zilizo wazi. UNIQUE inaondoa marudio, yanabaki majina matatu. SORT inayapanga kwa alfabeti. Neno "Hakuna" linatokea siku ambayo hakuna oda hata moja iliyo wazi. Ukiliacha, siku hiyo utaona #CALC! na utadhani kuna kilichoharibika.

Geita Stendi hayumo kabisa. Hajafutwa kwenye daftari. Oda zake mbili zipo, ila zimekwisha.

Sasa B3, pembeni ya majina, tunataka jumla ya magunia kila mmoja anayodai:

```
=SUMIFS(Oda[Baki],Oda[Mteja],A3#,Oda[Baki],">0")
```

Alama ya # baada ya A3 ina maana "seli A3 pamoja na kila kilichomwagika kutoka kwake". Majina yakiwa matatu, jumla zinakuwa tatu. Yakiwa tisa, zinakuwa tisa. Hakuna kuburuta fomula kwenda chini. Kwa data yetu zinatoka 10 kwa Dada Dodoma, 27 kwa Mama Kahama na 30 kwa Mzee Tabora. Sharti la mwisho, ">0", linazuia kosa moja la kimya: mteja akipelekewa gunia la ziada kwenye oda moja, Baki yake inakuwa hasi, na bila sharti hilo ile hasi ingepunguza deni la oda yake nyingine.

Jumla kuu iwekwe juu, kwenye B1, na si chini ya orodha:

```
=SUM(B3#)
```

Inatoa 67. Ukiiweka chini, tuseme B6, itakaa sawa hadi siku mteja wa nne atakapoingia. Siku hiyo orodha itataka kushuka hadi B6, itaikuta jumla yako imekaa pale, na safu nzima itageuka kuwa #SPILL!.

Oda za mteja mmoja

Sehemu ya pili ni kuchagua mteja na kuona oda zake zilizo wazi tu. Simama kwenye E1, nenda Data, kisha Data Validation, kwenye Allow chagua List, na kwenye Source andika:

```
=$A$3#
```

E1 sasa ina mshale mdogo wenye majina ya wanaodai mzigo peke yao. Kwenye E2 weka vichwa vya safu kwa =Oda[#Headers], na kwenye E3 andika fomula yenyewe:

```
=FILTER(Oda,(Oda[Mteja]=E1)*(Oda[Baki]>0),"Hana oda iliyo wazi")
```

Ile alama ya kuzidisha katikati ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tuipitie polepole. Chagua Mama Kahama kwenye E1. Excel inauliza kila mstari wa daftari swali la kwanza: je, mteja ni Mama Kahama? Ndiyo inahesabiwa 1, hapana inahesabiwa 0. Kwa mistari yetu saba majibu ni 1, 0, 0, 1, 0, 1, 0. Kisha swali la pili: je, Baki imezidi sifuri? Majibu ni 1, 0, 1, 0, 1, 1, 0. Yakizidishwa mstari kwa mstari yanatoka 1, 0, 0, 0, 0, 1, 0, kwa sababu sifuri ikizidishwa na chochote ni sifuri. Mstari unapita ikiwa tu majibu yote mawili ni ndiyo. Kwa hiyo zinatokea oda mbili, ile ya tarehe 2 yenye Baki 15 na ile ya tarehe 9 yenye Baki 12. Oda yake ya tarehe 5 ilikwama kwenye swali la pili.

Ukiweka alama ya kujumlisha badala ya kuzidisha, maana inakuwa "au", na utapata oda zote za Mama Kahama, zilizokwisha na zisizokwisha, zikichanganyika na oda zilizo wazi za watu wengine. Na usitumie AND humo ndani, hata kama jina lake linavutia. AND inachukua majibu yote kumi na manne na kuyageuza kuwa jibu moja tu, wakati FILTER inataka jibu la kila mstari. Matokeo yake ni #VALUE!.

Jambo moja litakushtua ukibonyeza Enter: safu ya tarehe inaweza kuonyesha 45810 badala ya 02/06/2025. Hakuna kilichoharibika. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na FILTER huleta thamani bila kuleta mwonekano. Chagua safu E kuanzia E3 kwenda chini hadi mbali, uipe mwonekano wa tarehe, imekwisha. Vivyo hivyo, ikiwa kompyuta yako inakataa koma ndani ya fomula, jaribu nukta-mkato. Hilo linategemea mipangilio ya nchi iliyowekwa kwenye kompyuta.

Giza linarudi, mzigo unapatikana, gari la Tabora linapakia. Unakwenda kwenye daftari, mstari wa tarehe 3, unabadili Yametoka kutoka 0 kuwa 30. Hapo hapo kwenye shiti ya Wazi Mzee Tabora anatoweka, jumla kuu inashuka kutoka 67 hadi 37, na kwenye mshale wa E1 jina lake halipo. Hujaigusa shiti hiyo. Kama E1 ilikuwa bado ina jina lake, litabaki pale, ila chini yake utasoma "Hana oda iliyo wazi".

Huko ndiko kujisasisha kunakozungumzwa, na hakuendi mbali zaidi ya hapo. Orodha inafuata daftari. Kama gari limeondoka saa mbili na karani ameandika saa kumi, kwa saa nane orodha itasema Mzee Tabora anadai magunia 30. Na kama umeandika na orodha haibadiliki kabisa, angalia menyu ya Formulas, Calculation Options: huenda imewekwa Manual. Irudishe Automatic.

Kuna tofauti gani na kitufe cha Filter?

Kitufe cha Filter kinaficha mistari ya daftari lenyewe. Ukikitumia kwa Mama Kahama, oda za wengine zimefichwa mpaka ufungue, na anayekuja baada yako anaweza kuziruka bila kujua. Tena Yametoka ikibadilika, kitufe hakichuji upya hadi ubonyeze Reapply kwenye menyu ya Data. Fomula ya FILTER haifichi chochote. Inaandika orodha nyingine mahali pengine, na daftari linabaki wazi kwa kila mtu.

Lakini kitufe kina faida moja ambayo fomula haina: ukichuja kwa kitufe unaweza kuandika kwenye mistari unayoiona. Kwenye orodha ya FILTER huwezi. Ukiandika 40 juu ya 25 iliyomwagika, fomula yote inageuka kuwa #SPILL! kwa sababu umeweka kitu kwenye njia yake. Futa ulichoandika, orodha inarudi. Ukiona #SPILL! na hujui kilichoziba, bonyeza seli ya kwanza, kisha alama ndogo ya onyo inayojitokeza pembeni, na uchague Select Obstructing Cells. Mara nyingi ni nafasi tupu mtu aliyoipiga bila kujua, au seli zilizounganishwa kwa ajili ya urembo. Na ukiiandika fomula ya kumwagika ndani ya jedwali la Ctrl+T lenyewe itakataa kila mara. Ndiyo maana tuliiweka kwenye shiti yake.

Kuna hatari nyingine ya aina hii, na hii haitoi onyo lolote. Mtu anaona orodha ya oda zilizo wazi, anaandika pembeni yake, kwenye safu iliyo tupu, "amelipa nusu" au "apelekewe Ijumaa". Maneno hayo yameandikwa kwenye seli. Hayajafungwa na oda. Oda ya juu ikifungwa, orodha inapanda mstari mmoja, maneno yanabaki palepale, na sasa "amelipa nusu" liko mbele ya oda nyingine. Kwa biashara ya mkopo hilo ni balaa. Maelezo yaandikwe kwenye daftari, katika safu yake ndani ya jedwali la Oda, nayo yatafuata oda kila inakokwenda. Weka kistari pale ambapo huna maelezo, kwa sababu FILTER huonyesha seli tupu kama 0.

Mteja mmoja kuonekana wawili

Hili ndilo litakalokusumbua mara nyingi zaidi ya yote. Kwenye orodha unaona Mama Kahama, na chini yake Mama Kahama tena. Watu husema UNIQUE imekosea. Haijakosea. Mmoja ameandikwa na nafasi tupu mwishoni. Herufi kubwa na ndogo haziisumbui UNIQUE ya Excel, "mama kahama" na "Mama Kahama" kwake ni mtu mmoja, lakini nafasi ya ziada humfanya mwingine. Hakikisha kwa =LEN ukiielekeza kwenye seli ya jina: jina safi lina herufi 11 ukihesabu na nafasi ya katikati, lile lenye nafasi ya ziada litasoma 12.

Ubaya wake hauishii kwenye sura. Ukimchagua mmoja kwenye E1, oda za yule mwingine hazitokei, na magunia 27 yanaweza kuonekana 15 tu. Dawa ni kutengeneza jedwali la pili la majina ya wateja, kila mmoja mara moja, na kulifanya chanzo cha Data Validation kwenye safu ya Mteja ya daftari. Karani anachagua, haandiki.

Fomula haikubali kwenye kompyuta yangu

UNIQUE na FILTER hazimo kwenye Excel 2016 wala 2019. Zimo kwenye Microsoft 365, Excel 2021, Excel 2024, na Excel ya bure ya kwenye kivinjari. Kwenye toleo la zamani ukiziandika utapata #NAME?. La hatari zaidi ni kutengeneza faili kwenye toleo jipya na kulituma kwa mwenzako wa toleo la zamani: ataona majina na namba, na ndani ya fomula kutakuwa na herufi _xlfn. Namba anazoona ni zile za mara ya mwisho faili lilipohifadhiwa kwako. Akibadili daftari, orodha haitafuata, na huenda ikageuka kuwa #NAME?.

Google Sheets inazo zote mbili, kwa tofauti ndogo. Masharti yanaweza kutenganishwa kwa koma badala ya kuzidishwa, hakuna nafasi ya tatu ya neno la "hakuna", na alama ya # haifanyi kazi. Oda za mteja mmoja zinaandikwa hivi:

```
=IFERROR(FILTER(Oda!A2:F,Oda!B2:B=E1,Oda!F2:F>0),"Hana oda iliyo wazi")
```

Hapa Oda ni jina la shiti. Njia ikiwa imeziba, Google Sheets haisemi #SPILL!, inasema #REF!, na ukiweka kielekezi juu yake itakutajia seli iliyoziba. Ila IFERROR inaweza kuficha makosa mengine ya fomula, basi kabla ya kuamini "Hana oda iliyo wazi" kwa mteja unayejua anadai, ondoa IFERROR kwa muda uone kilicho chini yake.

Mpangilio huu una upungufu mmoja ambao utauhisi oda zikiwa nyingi. Mzigo wa Mama Kahama ukitoka mara tatu, unaandika 25 juu ya 10, kisha 40 juu ya 25, na tarehe za safari zinapotea. Atakapopiga simu kudai kwamba safari ya pili haikufika, daftari halitakuwa na la kukuambia. Suluhisho ni kuipa kila oda namba yake na kuwa na jedwali lingine, Utoaji, ambamo kila safari ina mstari wake: tarehe, namba ya oda, magunia. Kisha Yametoka kwenye daftari haiandikwi tena kwa mkono, inakuwa:

```
=SUMIFS(Utoaji[Magunia],Utoaji[Namba],[@Namba])
```

Fomula za shiti ya Wazi zinabaki kama zilivyo. Baki inabadilika kwa sababu ya safari, na orodha inaifuata Baki. Kinachoongezeka ni safu ya Namba, ambayo FILTER itaileta pamoja na nyingine, kwa hiyo acha seli za upande wa kulia wa E3 zikiwa tupu.